Noti zinapoachana na muziki: kitelezi kinatibu nusu tu ya ugonjwa

*"Natengeneza gemu ya kugonga noti kwa kufuata muziki, natumia Godot 4. Kwenye simu yangu iko sawa. Kwenye simu ya zamani ya mdogo wangu inaanza vizuri, lakini wimbo ukifika dakika ya tatu noti zimebaki nyuma ya muziki kama nusu pigo (wimbo una mapigo 120 kwa dakika). Nimeona pia skrini yake inaganda kidogo mara chache anapopata alama nyingi mfululizo. Rafiki yangu anayetumia hedifoni za Bluetooth analalamika kinyume: noti zinawahi kabla ya muziki, tangu mwanzo hadi mwisho. Muda wa wimbo naupata kwa kujumlisha delta ndani ya `_process`. Nimeshauriwa niweke kitelezi cha kusawazisha ucheleweshaji. Je, kitamaliza shida zote mbili?"*

Hakitamaliza. Kitamsaidia rafiki yako wa Bluetooth, lakini mdogo wako hakitamfaa kitu, na huenda kikamharibia hata pale mwanzoni ambapo sasa anacheza vizuri. Hizi ni hitilafu mbili zisizo na undugu. Zinafanana kwa sababu tu zote huonekana kama noti na muziki havikutani.

Ya rafiki yako ni pengo lisilobadilika. Sauti inachukua muda kufika masikioni mwake, muda huo ni uleule sekunde ya kwanza na sekunde ya mia, kwa hiyo ukijua ni milisekunde ngapi unaziondoa na mambo yanakwisha. Ya mdogo wako ni pengo linalokua. Mwanzoni ni sifuri, dakika ya tatu ni robo sekunde. Kitelezi ni namba moja, na namba moja haiwezi kufuta kosa ambalo ni sifuri hapa na 250 pale. Ukimpa kitelezi atakivuta hadi mwisho wa wimbo ukae sawa, kisha wimbo unaofuata utaanza ukiwa umepinda. Atakuandikia tena, safari hii akisema kitelezi chako kibovu.

Angalia pia kwamba makosa haya yanavuta pande tofauti. Bluetooth inafanya noti zionekane zimewahi, kuganda kwa skrini kunazifanya zichelewe. Mtu mwenye simu ya zamani na hedifoni za Bluetooth ataanza na noti zilizowahi, katikati ya wimbo atapita mahali ambapo kila kitu kinakaa sawasawa, kisha zitaanza kuchelewa. Ukimwomba mtu huyo akujaribie gemu kwa nusu dakika tu ya hapo katikati, anaweza kukujibu "mbona iko poa". Jaribu wimbo mzima, kila mara.

Tuanze na linalokua, kwa sababu mpaka lipone huwezi kupima lile jingine.

Kosa liko kwenye mstari wako wa `muda += delta`. Wengi hudhani delta ni muda halisi uliopita tangu fremu iliyotangulia, kwa hiyo ukizijumlisha zote unapata muda wa wimbo. Kwenye simu yako hiyo ni kweli kwa kiasi cha kutosha, ndiyo maana hukuona shida. Lakini Godot huiwekea delta kikomo. Fremu ikichukua muda mrefu kupita kiasi, delta haiambiwi muda wote huo, inakatwa. Kikomo chenyewe ni `max_physics_steps_per_frame` ikigawanywa kwa `physics_ticks_per_second`. Kwa mipangilio ya kawaida ni 8 kwa 60, yaani kama milisekunde 133. Sababu yake ni nzuri: gemu iliyokwama isipowekewa kikomo itajaribu kukokotoa kwa mkupuo mmoja kila kilichopaswa kutokea wakati imeganda, kazi hiyo itaigandisha tena, na haitatoka. Kwa gemu ya kuruka na kukimbia hakuna anayejali. Dunia nzima imesimama kidogo, kisha inaendelea ilipoishia.

Muziki haukusimama, lakini. Sauti inachezwa kwenye uzi wake wa peke yake, na skrini inapoganda wimbo unaendelea kama kawaida. Kwa hiyo kila kuganda kunakozidi milisekunde 133 kunakupokonya muda, na muda huo haurudi.

Chukua mfano unaokaribiana na wako. Tuseme wakati wa alama nyingi mfululizo, michoro mipya ya cheche inapopakiwa kwa mara ya kwanza, skrini inaganda mara tatu: milisekunde 210, kisha 190, kisha 250. Kwenye kuganda kwa kwanza delta inakuambia 133 tu, umepoteza 77. Kwa pili umepoteza 57. Kwa tatu, 117. Jumla ni 251. Kwa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, kwa hiyo 251 ni nusu pigo. Kuganda mara tatu, ambako mchezaji hata hakumbuki vizuri kama kulitokea, kumetosha kuleta malalamiko unayoyasikia kwa mdogo wako. Simu yako wewe haigandi kiasi hicho, kwa hiyo hupotezi chochote.

Usinisadiki bure. Thibitisha kwa kuandika tofauti hii kwenye konsoli mara moja kila sekunde, huku mdogo wako akicheza wimbo mzima (`player` ni ile nodi inayocheza wimbo):

```gdscript
print(muda - player.get_playback_position())
```

Ukipata namba inayokaa palepale, kisha ghafla inashuka, inakaa tena, inashuka tena, kama ngazi, basi ni kuganda, na kila kidato kitaangukia wakati skrini ilipokwama. Ndicho ninachotarajia kwako. Mitetemo midogo ya juu na chini isiyoelekea popote usiijali. Nitaieleza hapo chini.

Kuna umbo jingine unalopaswa kulijua ingawa silidhanii kwako. Kosa likikua taratibu kwa mstari mnyoofu, bila vidato, na likikua sawa kwenye kila simu, usiilaumu simu yoyote. Ramani yako ya noti ndiyo iliyoandikwa kwa kasi isiyo ya wimbo. Wimbo una mapigo 127.9, wewe umeandika 128 kwa sababu namba kamili inapendeza: kwa dakika tatu noti zako zitakuwa zimeutangulia muziki kwa milisekunde 140. Kosa hilo halionekani kwenye kipimo cha hapo juu, maana saa zote mbili ziko sawa. Linaonekana kwa sikio. Kwako simu moja iko sawa na nyingine haiko, kwa hiyo ramani haina hatia.

Sasa tiba. Ushauri wa kwanza utakaopewa na watu ni kuacha delta na kusoma saa ya mfumo, `Time.get_ticks_usec()`, tangu wimbo ulipoanza. Ni bora kuliko ulicho nacho, kwa sababu saa hiyo haisimami skrini ikiganda. Lakini bado ni saa moja inayokisia saa nyingine iko wapi. Sauti hutolewa kwa mwendo wa fuwele ndogo inayotetemeka ndani ya kifaa cha sauti, na saa ya mfumo inaweza kufuata fuwele nyingine, na fuwele mbili hazilingani kamwe. Tofauti ya sehemu 50 kwa milioni ni milisekunde 9 kwa dakika tatu, ambayo hakuna atakayeihisi. Kwa mchanganyiko wa nyimbo wa saa nzima ni 180, na hiyo itahisiwa. Zaidi ya hapo, simu dhaifu ikishindwa kuandaa sauti kwa wakati, muziki wenyewe hukatika kidogo na kuchelewa, huku saa ya mfumo ikiendelea mbele bila habari.

Mcheza ngoma hafuati saa ya ukutani, anafuata ngoma. Noti zako nazo ziulize muziki uko wapi, kila fremu, zisijihesabie zenyewe:

```gdscript
func _process(_delta):
    var p = player.get_playback_position()
    p += AudioServer.get_time_since_last_mix()
    wakati = max(wakati, p)
```

Mstari wa kwanza peke yake ungeonekana kutosha, na watu wengi huishia hapo, kisha wanalalamika kwamba noti zimeacha kutiririka na sasa zinaruka-ruka. Hii ndiyo ile mitetemo niliyokuambia. Godot haiandai sauti sampuli moja moja. Huijaza kwa mafungu, na nafasi ya wimbo husogea fungu jipya linapoandaliwa tu. Fungu la sampuli 1024 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 23. Skrini ya mara 60 kwa sekunde huchora kila baada ya milisekunde 16.7. Kwa hiyo fremu fulani ukiuliza muziki uko wapi unajibiwa palepale pa fremu iliyopita, na fremu inayofuata unajibiwa umesogea 23. Macho huona noti ikisita na kuruka. Mstari wa pili unaongeza muda uliopita tangu fungu la mwisho liandaliwe, na mwendo unalainika.

Hicho cha tatu, `max`, kinazuia jambo dogo linaloudhi. Kwa kuwa sauti na picha ziko kwenye nyuzi mbili, mara mojamoja jibu hurudi nyuma kidogo kuliko la fremu iliyopita, na noti inayorudi juu inaonekana vibaya sana. Tunakataa kurudi nyuma. Kumbuka tu kurudisha `wakati` kuwa sifuri wimbo unapoanza upya au unapojirudia, la sivyo noti zitaganda zikisubiri muziki uifikie namba ya zamani. Kosa hilo nimelifanya zaidi ya mara moja, na kila mara nilianza kwa kulaumu kitu kingine.

Baada ya hapo kuganda kwa skrini hakutaisha. Mdogo wako bado atakosa noti iliyopita wakati skrini imekwama. Lakini fremu itakayofuata noti zote zitarukia mahali pake sahihi, na dakika ya tatu itakuwa sawa na ya kwanza. Ukitaka kuganda nako kupungue, pakia michoro ya cheche kabla wimbo haujaanza. Hiyo ni kazi nyingine.

Sasa tufike kwa rafiki yako.

Kuna ucheleweshaji wa aina tatu unaokuhusu. Sauti huchelewa kati ya gemu kusema "cheza" na sikio kusikia. Kwa waya au spika ya simu ni kidogo au wa wastani, kwa Bluetooth kupita milisekunde 150 ni jambo la kawaida. Picha huchelewa kati ya kuchorwa na kuonekana. Na kidole huchelewa kati ya kugusa kioo na gemu kupata habari. Gemu haioni hata kimoja kati ya hivi. Godot ina `AudioServer.get_output_latency()`, lakini hiyo inarudisha kile mfumo unachokijua kuhusu njia yake yenyewe, na safari ya hewani hadi ndani ya hedifoni mara nyingi haimo. Itumie kama kisio la kuanzia kwa mchezaji ambaye bado hajapima, uiite mara moja tu mwanzoni maana ni nzito kuiita kila fremu. Akishapima, iache kabisa. Vipimo vyake tayari vimeijumlisha, na ukiiondoa tena utakuwa umehesabu mara mbili.

Wengi huweka kitelezi kimoja na kukiita "ucheleweshaji". Shida yake ni kwamba mambo mawili tofauti yanakihitaji, na hayahitaji namba moja. La kwanza ni kuhukumu: mchezaji amegonga, je, amegonga pamoja na kile alichosikia? La pili ni kuchora: noti ifike kwenye mstari wakati gani ili jicho lione imefika sikio linaposikia pigo? Ukitumia namba moja kwa yote mawili, anayefuata sikio atafurahi na anayefuata macho ataumia, au kinyume chake.

Habari njema ni kwamba vipimo viwili vyepesi vinatosha, na huhitaji kamwe kujua kidole kinachelewa kiasi gani. Kipimo cha kwanza ni cha sikio: skrini haina kinachosogea, kuna mlio tu, na mchezaji anagonga pamoja na mlio. Mgongo huo, yaani kule kugonga kwake, utakufikia umechelewa kwa ucheleweshaji wa sauti kujumlisha wa kidole. Kipimo cha pili ni cha jicho: hakuna sauti, noti inashuka kwenye mstari, mchezaji anagonga inapofika. Huu utachelewa kwa picha kujumlisha kidole.

Kwa kuhukumu unahitaji sauti kujumlisha kidole, na hicho ndicho kipimo cha kwanza kilivyo, bila kuongeza kitu. Kwa kuchora unahitaji sauti kutoa picha. Toa kipimo cha pili kutoka cha kwanza: kidole kimo katika vyote viwili, kinajifuta chenyewe, inabaki sauti kutoa picha.

```gdscript
var kuhukumu = wakati - kipimo_sikio
var kuchora = wakati - (kipimo_sikio - kipimo_jicho)
```

Namba hizi ziwe za sekunde, kama `wakati` ulivyo. Tofauti kati ya `kuhukumu` na muda wa noti ikiwa chanya, mchezaji amechelewa. Ikiwa hasi, amewahi. Kabla ya kuendelea, weka `kipimo_sikio` cha nusu sekunde kwa makusudi ukiwa umeacha `kipimo_jicho` sifuri, na uangalie. Noti lazima zichelewe nyuma ya muziki waziwazi. Zikitangulia, umekosea alama ya kujumlisha na kutoa mahali fulani, na mchezaji wa Bluetooth atakayepima kwa uaminifu wote atajikuta na kosa maradufu.

Tumfanyie rafiki yako hesabu kwa namba za mfano. Kwenye kipimo cha sikio amegonga mara tisa, na zikipangwa kwa ukubwa ni 188, 195, 201, 204, 207, 210, 216, 224 na 371. Ile ya mwisho aliitwa na mtu akageuka. Ukichukua wastani unapata 224, kwa sababu mgongo mmoja mbaya umeivuta namba nzima. Chukua ile ya katikati, 207, ambayo haikujali 371 hata kidogo. Kwenye kipimo cha jicho amepata 62. Basi hukumu inarudishwa nyuma milisekunde 207, na noti zinachorwa zikiwa nyuma kwa 145. Akichomeka hedifoni za waya na kupima sikio tena anapata, tuseme, 95. Jicho halihitaji kupimwa upya kwa sababu skrini ni ileile. Uchoraji sasa ni 33. Ndiyo maana napendelea gemu ihifadhi vipimo viwili vya sikio, kimoja cha Bluetooth na kimoja cha spika au waya, na mchezaji achague kwa kugusa mara moja. Namba moja kwa vifaa vyote itamlazimisha kupima kila akivua hedifoni. Na usifikirie kuwawekea watu wote wa Bluetooth 200 iliyoandikwa ndani ya programu: hedifoni mbili zinatofautiana kwa makumi ya milisekunde, na hiyo inatosha kugeuza mgongo mzuri kuwa mbaya.

Kuhusu kuendesha kipimo chenyewe, nitakuambia yaliyoniuma mimi. Mara ya kwanza niliweka mlio kila milisekunde 600, na kila mgongo nikaulinganisha na mlio ulio karibu nao. Ilifanya kazi mpaka alipokuja mtu aliyeunganisha simu na spika iliyokuwa ikichelewa kama 400. Mgongo uliochelewa 400 baada ya mlio mmoja uko 200 kabla ya mlio unaofuata, kwa hiyo programu yangu ilimwambia kwa kujiamini kabisa kwamba anawahi kwa 200. Alipokubali matokeo, gemu ikawa haichezeki. Tangu hapo naweka mlio kila milisekunde 750, na mgongo naupeleka kwa mlio uliotangulia, isipokuwa ukiwa umebakiza chini ya 100 kufika mlio ujao, hapo ndipo nauhesabu kuwa umewahi. Ucheleweshaji hauwezi kuwa chini ya sifuri, lakini binadamu anaweza kuwahi kidogo.

Na huwahi kweli. Mtu anayegonga kufuata mlio wa peke yake huelekea kugonga kabla yake kwa milisekunde kadhaa, hata makumi, bila kujua, kwa sababu hasubiri mlio, anaubashiri. Kwa hiyo kipimo cha sikio hutoka kidogo kuliko ukweli. Hii haina dawa ya hesabu, maana kila mtu ana kiasi chake. Ndipo kitelezi chako kinapopata kazi yake halali: baada ya kipimo, onyesha namba uliyopata na umruhusu mchezaji aisogeze kwa hatua za milisekunde 5, huku kipande kifupi cha muziki halisi kikicheza na noti zikishuka. Maelezo kando yake yawe ya mchezaji, si ya fundi. "Gemu ikikuambia umechelewa ilhali unafuata sikio vizuri, ongeza." Hilo linatosha.

Tupa migongo minne ya kwanza, kwa kuwa mtu bado anatafuta mdundo, kisha chukua kama kumi na sita. Migongo ikitawanyika sana, tuseme nusu yake ya katikati imeenea zaidi ya milisekunde 40, usihifadhi kitu, mwombe arudie. Kwa kipimo cha jicho tumia noti inayoshuka, usitumie taa inayowaka ghafla. Taa haibashiriki, mtu huiona kwanza ndipo agonge, na utakuwa umepima wepesi wake wa kushtuka.

Kuna kitu kimoja ambacho usawazishaji hauwezi kukirudisha, na ni bora umwambie mchezaji waziwazi. Kama gemu yako hutoa mlio pale kidole kinapogonga, mlio huo huanza safari baada ya mgongo. Kwa hedifoni za rafiki yako utasikika karibu robo sekunde baadaye, na hakuna namba ya kuondoa, kwa sababu huwezi kuutuma kabla hujajua kwamba atagonga. Muziki tunauwahi kwa kuwa tunaujua mapema, kidole hatukijui. Mtu akichagua Bluetooth, zima milio ya kugonga na uache mtikisiko wa simu au cheche za skrini zitoe jibu. Kuna gemu ambazo mlio wa kugonga ndio unaokamilisha wimbo wenyewe. Kama yako ni ya aina hiyo, sema kwenye mipangilio kwamba inafaa kuchezwa kwa waya au spika ya simu, usiwaache watu wakihangaika na kitelezi.

Ukimaliza yote mawili, hakiki kwa kitu kisichotegemea neno la gemu yako. Chukua simu nyingine inayoweza kurekodi picha 240 kwa sekunde, irekodi skrini ya mdogo wako ikiwa na wimbo wa majaribio wenye mlio mkali kila pigo, kisha ifungue kwenye programu ya kuhariri video na uhesabu picha kati ya noti kugusa mstari na mlio kutokea kwenye wimbi la sauti. Kila picha ni kama milisekunde 4. Fanya hivyo sekunde ya kumi na ufanye tena dakika ya tatu. Hesabu mbili zikilingana, kosa linalokua limekwisha, hata kama hesabu yenyewe si sifuri. Kilichobaki ni cha kipimo na kitelezi.

Zisipolingana kwenye simu hiyo moja tu, huku nyingine zote ziko sawa, basi kifaa chenyewe kinaripoti nafasi ya muziki isiyo ya kweli, na hilo sitaweza kukutatulia kwa maandishi. Mtafute mtu aliyewahi kufanya kazi na sauti za Android kwa undani, mkae naye pamoja na simu yenyewe na waya wake. Mpelekee video zote mbili na ile orodha ya konsoli, ili asianze kwa kukuuliza maswali ambayo tayari umeyajibu.